WACC imetoka namba ya ajabu? Kagua ngao ya kodi kwanza

Jumatatu moja mhasibu wa kiwanda cha chupa za plastiki pale Chang'ombe alinipigia simu. "Kaka, WACC yangu imetoka asilimia 12. Mzee anataka kujua kama kiwanda kinafaa kuongezewa mashine, na mimi hii namba siiamini." Hakukosea kutoiamini. WACC ni wastani wa gharama ya mtaji wa kampuni, mkopo na hisa kila kimoja kwa uzito wake. Bondi ya serikali ya miaka 20 tuliyokuwa tunaipigia hesabu ilikuwa inalipa asilimia 13. Kama kiwanda kinadai mtaji wake ni wa bei rahisi kuliko wa serikali, mzee auze mashine, anunue bondi, akalale.

Majedwali ya namna hii hunijia mara kwa mara, na makosa yake yanafanana. Nimeyapanga hapa kwa dalili unayoiona kwenye skrini, nikianza na sababu inayotokea zaidi. Nitatumia kiwanda hichohicho mwanzo hadi mwisho, namba zikiwa zimeviringishwa ili zifuatike.

Kiwanda kinapata faida ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka kabla ya riba na kodi. Mkopo ni bilioni 9 kwa riba ya asilimia 15, yaani riba ya bilioni 1.35 kwa mwaka. Kwenye mizania mtaji wa wenye hisa ni bilioni 6. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Tunachukulia faida haikui, na uchakavu unatosha kununua vipuri na mashine mbadala. Kanuni ni ile ya siku zote:

```
WACC = E/V * Re + D/V * Rd * (1 - T)
```

E ni thamani ya hisa, D ni mkopo, V ni jumla ya vyote viwili. Re ni faida wanayoidai wenye hisa, Rd ni riba ya mkopo, T ni kodi. Kipande cha mwisho, `(1 - T)`, ndiyo ngao ya kodi. Riba inatolewa kwenye faida kabla TRA haijachukua chake, kwa hiyo mkopo wa asilimia 15 unamgharimu mzee 10.5 tu. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanazaliwa kwenye mabano hayo.

Dalili ya 1: WACC iko chini ya riba ya bondi ya serikali

Kabla ya kutafuta sababu, fanya kipimo kimoja cha nusu dakika. Jiulize kiwanda hiki kingedaiwa faida kiasi gani kama kisingekuwa na mkopo hata senti. Kiite Ru. Sisi tulifika asilimia 20: bondi 13, juu yake 7 kwa ajili ya hatari ya biashara yenyewe. Zidisha kwa moja kutoa kodi, unapata 14. Mkopo ukiwa ni ule usiobadilika, WACC haiwezi kushuka chini ya hapo hata ukijaza kampuni madeni mpaka shingoni, maana ngao ya kodi ndiyo punguzo pekee ambalo mkopo unaleta. Namba ya 12 iko chini ya sakafu. Kuna kitu kimevunjika, na wala si suala la mtazamo.

Sababu ya kwanza, na inaongoza kwa mbali, ni beta, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyosogea soko likisogea, iliyochukuliwa Soko la Hisa la Dar es Salaam bila kuangalia hisa hiyo inauzwa mara ngapi. Mhasibu wetu alichagua kampuni ya viwandani iliyoorodheshwa, akashusha bei za miaka miwili, akaziweka Excel na kupata beta ya 0.2. Nilipofungua safu ya bei niliona tarakimu ileile ikijirudia wiki baada ya wiki. Bei isiyosogea haiwezi kufuatana na soko linalosogea, kwa hiyo hesabu inarudisha beta ndogo, na wewe unasoma kwamba biashara haina hatari. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeuza wala kununua. Kwa beta hiyo, wenye hisa wake walidai 13 kujumlisha 0.2 mara 7, yaani 14.4.

Hapo ndipo pa kukagua. Linganisha Re na riba ya benki. Benki inalipwa kwanza na ina hati ya kiwanja, halafu inadai 15. Mwenye hisa anasubiri mwisho wa foleni, anadai 14.4? Haiwezekani. Re ikiwa chini ya Rd, acha kila kitu, rudi kwenye beta.

Marekebisho ni kutoitumia beta ya hisa moja iliyolala. Chukua beta za sekta yako kwenye masoko makubwa. Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York huziweka wazi kila Januari, zikiwa zimeshaondolewa athari ya mikopo. Halafu ongeza athari ya mkopo wa kampuni yako mwenyewe. Na kama ni lazima upime hapa nyumbani, hesabia kwa TSI, fahirisi ya kampuni za Tanzania pekee, kwa sababu DSEI, fahirisi ya soko zima, imebeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa, na hizo zinacheza ngoma ya Nairobi.

Sababu ya pili ni uzito wa mizania. Mhasibu aliweka 6 kwa 9, yaani asilimia 40 hisa na 60 mkopo. Hiyo 6 ni historia: hela zilizowekwa zamani na faida zilizobakizwa. WACC inataka kujua hisa zina thamani gani leo. Kwa kiwanda hiki jibu ni 7.7, na nitaonyesha linapotoka kwenye dalili ya 4. Mkopo unaweza kuuacha kwa thamani ya vitabu kama riba yake bado inafanana na ya sokoni. Usisahau ovadrafti. Kama imekaa bilioni moja miaka mitatu mfululizo, huo ni mkopo wa kudumu hata mkataba ukiiita ya muda.

Sababu ya tatu inawakamata zaidi wenye biashara ndogo: riba flati. Mkopo wa miaka mitatu unaotajwa kuwa "asilimia 15 flati", ukilipwa kila mwezi, gharama yake halisi ni karibu asilimia 26 kwa mwaka, maana unaendelea kulipia riba ya fedha ambazo umeshazirudisha. Weka ratiba ya marejesho kwenye `RATE`, zidisha kwa 12, ndiyo Rd yako.

Sababu ya nne haitokei sana ila ikitokea inapotosha vibaya: mkopo wa dola wa asilimia 9 kuwekwa kapu moja na Re ya shilingi. Chagua sarafu moja. Ukihamisha riba ya dola kuwa ya shilingi, tumia tofauti ya mfumuko wa bei unaotarajiwa wa nchi hizo mbili. Usichukue namna shilingi ilivyoyumba mwaka jana ukaibandika. Upande wa pili wa kosa hili ni kuanza na bondi ya shilingi kisha kuongeza tena "hatari ya nchi" kutoka kwenye jedwali la dola. Riba ya bondi ya shilingi tayari imeibeba, utakuwa umemtoza mzee mara mbili na WACC itaruka juu.

*Simama hapa* kama kampuni ina mikopo ya sarafu mbili pamoja na mkataba wa kufunga kiwango cha kubadilishia fedha. Huo unahitaji mtu wa hazina wa kuusoma wenyewe. Usikadirie.

Dalili ya 2: Kila ukiongeza mkopo WACC inaporomoka

Unabadilisha seli ya mkopo kutoka 9 hadi 12, WACC inashuka kwa pointi mbili nzima, na mzee anaanza kutabasamu. Karibu kila mara sababu ni moja: Re imeandikwa kwa mkono. Bofya seli yake. Kama kwenye mstari wa fomula unaona `24.1%` badala ya fomula, umemkamata mwizi.

Mkopo unapoongezeka, mwenye hisa anasogezwa nyuma zaidi kwenye foleni, kwa hiyo naye anapandisha madai yake. Modigliani na Miller waliporekebisha nadharia yao mwaka 1963 ili kuingiza kodi, uhusiano ulikaa hivi:

```
Re = Ru + (Ru - Rd) * (1 - T) * D/E
```

Kwa mkopo wa 9 na hisa za 7.7, Re ni asilimia 24.1 na WACC ni 16.8. Mkopo ukiwa 12, hisa zinabaki na thamani ya 5.6, Re inapanda hadi 27.5, na WACC inashuka hadi 15.9. Ukiiacha Re kwenye 24.1 jedwali litakwambia 14.8. Tofauti hiyo ya pointi moja na kitu inatosha kuipitisha mashine ambayo haikustahili kupita.

Sasa, hata ile 15.9 usiishangilie. Kanuni hii haijui kwamba muuza malighafi akisikia unadaiwa sana ataanza kudai alipwe taslimu, wala kwamba benki haitakupa bilioni tatu nyingine kwa riba ileile. Riba ya bilioni 12 ni bilioni 1.8 kwa mwaka. Kwa faida ya 4 unapumua, ila mwaka ambao faida inakuwa 2 unabaki na pumzi ndogo sana. Mimi siamini jedwali lolote linalojaribu kutafuta "mkopo bora" kwa kushusha WACC peke yake, na sijawahi kuona kampuni ya hapa Dar iliyolifuata hivyo ikafurahi.

Dalili ya 3: WACC iko sawa lakini thamani ya kampuni ni kubwa mno

Hii ni ngumu kuiona kwa sababu kila kipande ukikitazama peke yake kiko sahihi. Mhasibu wetu, baada ya kurekebisha yote ya juu, alifika 16.8 safi. Akagawanya faida iliyobaki baada ya kodi kwa WACC hiyo, akapata thamani ya kampuni ya bilioni 19.1. Yangu ilikuwa 16.7.

Nikamwomba anitumie picha ya mstari wa kodi. Alikuwa ameandika milioni 795, na pembeni yake maoni ya seli: "kama ilivyolipwa TRA". Ni mhasibu makini, hataki kuweka namba isiyo na risiti. Ila risiti ndiyo iliyomponza. Milioni 795 ni asilimia 30 ya faida *baada* ya riba: bilioni 4 kutoa 1.35, mara 0.3. Punguzo la riba limeshakuwemo ndani ya namba hiyo. Halafu akagawa kwa WACC ambayo nayo imeshapunguzwa kwa `(1 - T)`. Ngao moja imevaliwa mara mbili.

Kipimo: tafuta mstari wa kodi kwenye mtiririko wa fedha, uugawe kwa faida kabla ya riba na kodi. Ukipata 30, uko salama. Ukipata chini ya hapo, kama yeye aliyepata karibu 20, ngao imeshatumika huko juu.

Kurekebisha kuna njia mbili, chagua moja. Ya kwanza na ya kawaida: kokotoa kodi kana kwamba mkopo haupo, yaani 1.2 kwenye faida ya 4, ubaki na 2.8, kisha gawa kwa WACC yenye ngao, 16.8. Unapata 16.7. Ya pili: acha kodi halisi, ubaki na bilioni 3.205, lakini ondoa `(1 - T)` kwenye WACC. Inakuwa 19.2, na ukigawanya unarudi palepale 16.7. Njia mbili zisipokutana, kosa bado limo ndani, hata kama umechoka.

Sababu ya pili ya thamani kubwa mno ni ngao ambayo kampuni haina. Kanuni inachukulia kila shilingi ya riba inapunguza kodi. Hapa Tanzania kuna hali mbili za kuangalia.

Moja ni hasara. Kampuni isiyo na faida haina kodi ya kupunguza, na ikipata hasara miaka mitatu mfululizo inaweza kuangukia kodi mbadala inayotozwa kwenye mauzo, ambako riba haipunguzi chochote. Kwa miaka hiyo weka Rd nzima, asilimia 15 badala ya 10.5. Kama hasara itakwisha baada ya muda na kodi ya kawaida kurudi, usitumie WACC moja kwa miaka yote.

Nyingine ni umiliki. Kampuni ambayo wageni wasio wakazi, au taasisi zisizolipa kodi, wanamiliki robo au zaidi, sheria inaiwekea kikomo cha deni kwa mtaji cha 7 kwa 3. Riba ya deni linalozidi hapo haikubaliki kama gharama. Kiwanda chetu ni cha familia, hakiguswi. Lakini tuseme kingeguswa, mtaji wake ukiwa bilioni 3 badala ya 6, na kati ya riba ya bilioni 1.35 ikakubaliwa 1.05 tu. Ngao ya mwaka inakuwa milioni 315 badala ya 405. Ukigawa kwa riba yote, kodi inayookolewa ni asilimia 23.3, siyo 30. Mkopo sasa unagharimu 11.5 baada ya kodi, thamani ya kampuni inashuka hadi bilioni 16.1, na WACC inapanda hadi 17.4. Watu wengi hubaki na 30 kwa sababu ndiyo imeandikwa kwenye sheria.

*Simama hapa* ukikuta mkopo kutoka kwa kampuni mama au kwa mwanahisa wa nje. Kipi kinahesabiwa deni na kipi mtaji kwenye kikomo hicho si suala la kukisia kutoka kwenye mizania. Mpe mshauri wa kodi aliyesajiliwa, akurudishie namba ya riba inayokubalika, ndipo uendelee.

Dalili ya 4: Excel inalalamika kuhusu `Circular References`

Hili si kosa lako. Ili upate uzito unahitaji thamani ya hisa, na ili upate thamani ya hisa unahitaji WACC, ambayo inahitaji uzito. Kwa kampuni iliyo sokoni unakata mzunguko kwa bei ya hisa mara idadi yake. Kwa kiwanda cha Chang'ombe hakuna bei.

Kwanza uone mzunguko unavyokwenda kwa mkono. Anza na hisa 6 za mizania: Re inakuwa 25.25, WACC 16.4, na thamani ya kampuni 17.07. Toa mkopo wa 9, hisa ni 8.07. Rudia na 8.07: WACC 16.84, thamani 16.63. Rudia tena: 16.71. Unaona inavyotulia kuelekea 16.7, yaani hisa 7.7. Mizunguko minne mitano inatosha.

Ukitaka Excel ifanye yenyewe, nenda `File > Options > Formulas`, weka tiki kwenye `Enable iterative calculation`. Hapo `Maximum Change` huja ikiwa 0.001. Kwa seli ya WACC, 0.001 ni sehemu ya kumi ya pointi ya asilimia, na inaweza kusimama kabla haijatulia vizuri. Weka 0.00001.

Tatizo la njia hii ni kwamba `#DIV/0!` ikiingia mara moja kwenye mzunguko haitoki tena, hata ukirekebisha chanzo chake. Ndiyo maana naweka seli ya swichi, hapa `B1`. Ikiwa 0, hisa zinachukua 6 ya kuanzia na jedwali linapona; ikiwa 1, zinachukua thamani ya kampuni, `B12`, kutoa mkopo, `B5`:

```
=IF($B$1=1, B12-B5, 6)
```

Ila kwa kampuni ambayo mkopo wake unabaki kiasi kilekile cha shilingi, mzunguko wote unaweza kuukwepa. Thamani bila mkopo ni 2.8 gawa kwa 0.20, yaani 14. Ngao ya kodi ni asilimia 30 ya mkopo wa 9, yaani 2.7. Jumla 16.7:

```
=B3*(1-B4)/B6 + B4*B5
```

`B3` ni faida kabla ya riba na kodi, `B4` kodi, `B5` mkopo, `B6` ni Ru. Naiweka hata pale ninapotumia WACC, kama shahidi. Tulipoiweka kwenye jedwali la mhasibu wetu, seli mbili zilisoma 16.70 na 16.70, naye akaomba tuifiche ili mzee asiulize kwa nini namba moja imeandikwa mara mbili.

Fomula hiyo fupi haifai kampuni inayokua na kukopa zaidi kila inapokua. Hapo mkopo unafuata thamani ya kampuni, ngao inabeba hatari ya biashara yenyewe, na kuipa asilimia 30 kamili ya mkopo ni kuikuza. Haifai pia kampuni inayomaliza mkopo ndani ya miaka mitano: kokotoa ngao ya kila mwaka peke yake, uipunguze kwa Rd, ujumlishe juu ya thamani bila mkopo, na uiache WACC kabisa.

*Simama hapa* kama namba inakwenda mahakamani, kwenye kuuza hisa kwa umma, au kwenye mgogoro wa ndugu wanaogawana kampuni. Jedwali lako linaweza kuwa sahihi kila seli na bado lisikubaliwe. Sahihi inayohitajika ni ya mthamini au mshauri mwenye leseni, na mwisho yeye ndiye atakayeulizwa ile Ru ya asilimia 20 ilitoka wapi.